Tangi la maji ya mvua au bomba la kisima cha mtaa: mwongozo kamili wa kuamua kabla hujalipa

Kila ifikapo Agosti, malalamiko kutoka pembezoni mwa Dar es Salaam huwa mawili. Wa kwanza alinunua tangi kubwa Machi, likafurika Aprili, na sasa anagonga chini analisikia tupu. Wa pili alilipa kuunganishwa kwenye kisima cha jirani mwezi Mei, maji yakiwa baridi na matamu, na sasa chai yake ina ladha ya chumvi.

Wote wawili walipima maji yao wakati wa masika, na masika hayakuoneshi udhaifu wa tangi wala wa kisima. Mwongozo huu unakupeleka kwenye mwezi mbaya kabla hujatoa hela. Nimeuandika kwa mvua za Dar es Salaam na pwani. Ukiwa Dodoma au Tabora hatua ni zilezile, ila miezi mikavu ni mingi zaidi, kwa hiyo namba za tangi zitapanda sana.

## Vitu vya kuwa navyo

- Futi kamba ya mita 10 au zaidi, daftari na kalamu.
- Ndoo ya lita 20 na saa yenye sekunde.
- Kipima chumvi cha mkononi, kile kidogo chenye umbo la kalamu kinachoandika ppm, yaani sehemu kwa milioni, kwenye kioo. Kama huna, azima kwa fundi wa visima au wa mitambo ya kuchuja maji.
- Chupa za sampuli kutoka maabara ya maji. Usitumie chupa ya soda, hata ukiiosha.
- Nakala ya ripoti ya uchimbaji wa kisima unachotaka kujiunga nacho. Mwenye kisima anayo, au aliyemchimbia anayo.

## Hatua ya 1: Gawa maji yako mafungu mawili

Watu wengi huandika namba moja tu, "tunatumia lita 200 kwa siku," kisha wanatafuta chanzo kimoja cha kuzitoa zote. Hapo ndipo hesabu inapoanza kuharibika.

Andika fungu la kwanza: maji ya kunywa, kupikia na kusuuzia vyombo. Andika fungu la pili: kuoga, kufua, choo, kudeki. Kwa wiki nzima hesabu madumu na ndoo za kila fungu, kisha gawa kwa siku 7.

Tuchukue familia ya watu watano yenye nyumba ya bati Kigamboni. Fungu la kwanza linakuja kama lita 40 kwa siku, na la pili lita 160. Tutaifuata familia hii hadi mwisho.

Sababu ya kugawa ni kwamba maji ya chumvi kidogo hayakuzuii kusafisha choo wala kudeki. Yanakuzuia kunywa, na yanapika maharage vibaya. Mafungu haya yana masharti tofauti, kwa hiyo yanaweza kuwa na vyanzo tofauti.

Umefanikiwa ukiwa na namba mbili ambazo kila mtu nyumbani anakubali kuwa ni za kweli. Ukiwa na wapangaji, wahesabu nao.

## Hatua ya 2: Pima paa kutoka chini

Huna haja ya kupanda juu. Pima urefu na upana wa nyumba ukiwa umesimama chini, ukianzia pale bati linapoishia upande mmoja hadi linapoishia upande wa pili. Usipime mteremko wa bati, kwa sababu mvua inahesabiwa kwa ardhi iliyofunikwa, si kwa ukubwa wa bati lenyewe.

Milimita 1 ya mvua kwenye mita ya mraba 1 ni lita 1. Nyingine hupotea kwa kuruka, kuvuja kwenye maungio na kukauka juu ya bati la moto, kwa hiyo kwa paa la bati zidisha kwa 0.8:

```
lita = eneo la paa (m²) x mvua (mm) x 0.8
```

Nyumba ya mfano wetu ina mita za mraba 80. Dar es Salaam hupata wastani wa milimita 1,100 hivi kwa mwaka, kwa hiyo paa hilo linatoa kama lita 70,400. Ukizigawa kwa siku 365 unapata lita 193 kwa siku, na hapo mwenye nyumba hushangilia kwamba zinakaribia lita 200 anazohitaji.

Usishangilie. Hiyo ni hesabu ya muuza matangi. Mvua hiyo haiji kwa mgawo wa kila siku, na sehemu kubwa humwagika wakati tangi lako limeshajaa.

Tahadhari: Pima tu upande wa paa ambao kweli utawekewa gata. Kama upande wa nyuma umeegemea ukuta wa jirani na maji yake yanashukia kwake, huo si wako. Paa la makuti halifai kwa maji ya kunywa. Paa la zamani la karatasi za asbesto liache kabisa.

## Hatua ya 3: Hesabu miezi mikavu, mwezi kwa mwezi

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote.

Mvua za Dar kwa wastani huenda hivi: Aprili karibu milimita 250, Juni karibu 40, kisha Julai, Agosti na Septemba kama 25 kila mmoja. Oktoba hupanda kwenye 60, na vuli yenyewe hukaa Novemba na Desemba.

Angalia ile miezi mitatu ya 25. Kwenye karatasi, kila mwezi unakupa 80 x 25 x 0.8, yaani lita 1,600. Kwenye tangi hupati hata nusu yake kwa uhakika. Mvua ya Agosti huja kwa manyunyu ya milimita mbili tatu. Sehemu yake inalowesha bati na kukauka, na inayobaki inaondoka na vumbi ambalo hutaki liingie tangini. Kwa hiyo kanuni ninayoitumia ni hii: mwezi wowote wenye mvua chini ya milimita 30, andika sifuri. Kikipatikana kitu, hiyo ni bahati, wala usiijengee mpango.

Sasa tuipigie hesabu familia yetu.

Kama wanataka mvua iwape lita zote 200 kwa siku: Juni wanahitaji lita 6,000, mvua inatoa 2,560, pengo ni 3,440. Julai hadi Septemba ni siku 92, zinahitaji lita 18,400 na mvua ni sifuri. Oktoba wanahitaji 6,200 na mvua inatoa 3,840, pengo ni 2,360. Jumla ni lita 24,200. Wanahitaji matangi matano ya lita 5,000, yote yakiwa yamejaa siku ya mwisho ya Mei. Wengi hawana hata uwanja wa kuyaweka.

Kama wanataka mvua ibebe fungu la kwanza tu, lita 40 kwa siku: Juni mvua inatosha na kubaki. Julai hadi Septemba wanahitaji lita 3,680. Tangi moja la lita 5,000 lililojaa mwanzo wa Julai linamaliza msimu, na linabakiwa na lita 1,320. Hizo ni siku 33 za akiba vuli ikichelewa.

Jinsi unavyoona, swali la "tangi lina faida au halina" halina jibu mpaka ujue linabeba fungu lipi.

Umefanikiwa ukiwa na karatasi yenye miezi 12, kila mmoja una maji yanayoingia, yanayotoka na yanayobaki, na hakuna mwezi ambao kilichobaki kiko chini ya sifuri.

## Hatua ya 4: Pima chumvi ya kisima asubuhi na jioni

Sasa nenda kwenye kisima. Chota kwenye bomba la mteja aliyekwishaunganishwa, si kwenye tangi la mwenye kisima, kwa kuwa wengine huchanganya maji ya boza. Acha maji yamwagike dakika moja, kisha chovya kipima chumvi.

Kusoma namba: chini ya 600 ppm ni maji mazuri mdomoni. Kati ya 600 na 1,000 yananyweka, lakini chai itakuambia. Zaidi ya 1,000 watu wengi huyakataa.

Kipimo kimoja hakitoshi, na sababu yake iko chini ya ardhi. Karibu na bahari, maji baridi yamekaa juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi. Pampu ikivuta taratibu, inachukua ya juu. Ikivuta kwa nguvu au kwa saa nyingi mfululizo, usawa wa maji baridi unashuka na ya chumvi yanapanda kuelekea pampu. Usiku pampu ikipumzika, yanarudi chini kwa kiasi fulani.

Kwa hiyo pima mara mbili kwa siku hiyohiyo: alfajiri kabla pampu haijawashwa kwa muda mrefu, na jioni baada ya watu wote kuchota. Namba zikilingana, kisima kinahimili. Namba ya jioni ikipanda sana, tuseme kutoka 700 hadi 1,000, kisima kinavutwa kuliko uwezo wake. Kitaongezeka chumvi kadiri wateja wanavyoongezeka, na wewe ndiye mteja anayeongezwa.

Mwezi wa kupima ni Septemba au mwanzo wa Oktoba, kabla ya vuli. Ukilazimika kuamua Aprili, usiuamini ulimi wako. Waulize wateja watatu wa kisima hicho, hasa mama wanaopika kwa biashara, maji yalikuwaje Septemba iliyopita. Mama lishe anayekumbuka kwamba alikuwa akinunua madumu ya maji baridi kwa ajili ya chai amekupa kipimo kizuri kuliko mwenye kisima.

Vitu ambavyo ulimi hauvioni. Peleka sampuli maabara ya maji ya mkoa na uombe vipimo vya vimelea na naitreti. Sampuli ya vimelea ifike siku hiyohiyo, ikiwa kwenye barafu. Bakteria wa kinyesi aina ya E. koli wanatakiwa wawe sifuri katika mililita 100. Naitreti isizidi miligramu 50 kwa lita kwa kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Kwenye viwanja vyetu vya kubanana, naitreti ikiwa juu mara nyingi inatokana na vyoo vya shimo, na ni hatari hasa kwa mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya kopo.

Kuchemsha kunaua vimelea. Hakuondoi chumvi wala naitreti, bali kunazikoleza, maana maji yanapungua na zenyewe zinabaki.

Ndugu zangu wa Arusha, Manyara na Singida, kwenu chumvi ni jambo la pili. Ombeni kipimo cha floraidi kwanza, ambayo haina ladha wala harufu. Ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, maji hayo yasiwe ya kunywa ya watoto, hata yakiwa matamu namna gani. Kwa huko, tangi la mvua kwa fungu la kwanza linapata sababu ambayo sisi wa pwani hatuna.

Umefanikiwa ukiwa na namba ya asubuhi, namba ya jioni, na karatasi ya maabara yenye tarehe ya mwaka huu.

## Hatua ya 5: Uliza kisima kina wateja wangapi, na pampu ikiungua nani analipa

Kwenye ripoti ya uchimbaji tafuta uzalishaji kwa saa, uliotokana na jaribio la kusukuma maji. Tuseme imeandikwa lita 2,000 kwa saa. Pampu ikifanya kazi saa 8, kisima kinatoa lita 16,000 kwa siku. Nyumba 60 zinazotumia lita 200 kila moja zinachukua 12,000, kwa hiyo zinatosheka. Zikifika nyumba 100, zinahitaji 20,000, na hapo utaanza kusikia "leo maji ni zamu ya upande wa juu."

Usikubali jibu la "kisima changu hakikauki." Omba ripoti. Kama haipo, fika kwa mteja wa mwisho kwenye mstari wa bomba, saa moja asubuhi, ujaze ndoo ya lita 20 ukiwa na saa mkononi. Ikijaa ndani ya dakika mbili, mambo ni mazuri. Ikichukua dakika kumi, umeshaona utakavyoishi.

Uliza pia kibali. Kuchimba kisima na kutumia maji yake kunahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde, ambayo kwa Dar es Salaam na sehemu kubwa ya Pwani ni ya Bonde la Wami/Ruvu. Kisima kisicho na kibali kinaweza kusimamishwa, na ada yako ya kuunganishwa ikapotea nacho.

Kisha andikishaneni, na mashahidi wawepo kutoka ofisi ya serikali ya mtaa. Karatasi iseme haya:

- Bei ya yuniti moja, yaani lita 1,000, na namna itakavyobadilishwa.
- Mita ni yako peke yako. Kugawana bili kwa vichwa ndiko kunakogombanisha majirani.
- Nani analipa pampu ikiungua, na fedha hizo zinawekwa wapi kabla haijaungua.
- Kiwanja chenye kisima kikiuzwa au mwenyewe akifariki, haki yako inabaki vipi.

Hilo la mwisho watu huona haya kuliuliza. Uliza kwa adabu, lakini uliza. Mzee aliyekupa maji kwa moyo mmoja si lazima awe na warithi wa moyo huohuo.

## Hatua ya 6: Weka bei ya yuniti moja kila upande

Bei zinabadilika kila mtaa, kwa hiyo namba zifuatazo ni za mfano tu. Weka zako.

Tuseme kisima kinatoza shilingi 3,000 kwa yuniti, na dumu la maji baridi la kununua ni shilingi 300. Yuniti moja ni madumu 50, kwa hiyo maji ya dumu ni shilingi 15,000 kwa yuniti.

Tuseme tangi la lita 5,000 pamoja na gata, msingi na fundi limefika shilingi 1,600,000. Likikupa lita 40 kwa siku kwa miaka 10, hizo ni yuniti 146, kila moja kama shilingi 11,000.

Ona sasa. Maji ya mvua, ambayo husemwa ni ya bure, ni ghali karibu mara nne kuliko ya kisima. Kuyamwaga chooni ni hasara. Lakini ni nafuu kuliko dumu, kwa hiyo yana thamani pale tu yanapochukua nafasi ya dumu.

Sasa amua hivi:

Kisima kiko chini ya 600 ppm asubuhi na jioni, maabara imepitisha, na mkataba upo: unganishwa. Usinunue tangi la mvua. Nunua tangi dogo la lita 1,000 au 2,000 la kuhifadhi, la siku ambazo umeme umekatika.

Kisima ni zaidi ya 1,000 ppm, au jioni kinapanda sana: unganishwa kwa fungu la pili, weka tangi la mvua kwa fungu la kwanza. Familia yetu ya Kigamboni ikipima 1,100 asubuhi na 1,500 jioni, hili ndilo jibu lake.

Mwenye kisima hataki kuandika chochote: jenga tangi kwanza, ununue maji ya fungu la pili kwa dumu palepale kisimani. Utabeba ndoo, lakini hutapoteza ada.

Umepanga nyumba: nunua tangi. Ukihama unalipakia kwenye gari, ilhali bomba linabaki kwa mwenye nyumba.

Hali ya kati, 600 hadi 1,000 isiyopanda, mimi naunganishwa kwanza na kusubiri Septemba moja kabla ya kununua tangi.

## Hatua ya 7: Ukiweka tangi, usiruhusu maji ya kwanza yaingie

Gata literemke walau sentimita 1 kwa kila mita 2, kuelekea tangini. Likilala sawa, maji yanatuama na mbu wanazaa. Kwa ukubwa, kila mita ya mraba ya paa inataka sentimita ya mraba 1 ya tundu la gata. Upande wenye mita 40 unatoshwa na gata la nusu duara la inchi 4, ila kwa mvua zetu za Aprili ningeweka la inchi 5.

Kabla ya tangi weka bomba la kutupa maji ya kwanza. Hili ni bomba lililosimama, lenye kifuniko cha kufungua chini. Maji yenye vumbi na kinyesi cha ndege hulijaza kwanza, na likishajaa, maji safi hupita juu kwenda tangini. Kadiria nusu lita kwa kila mita ya mraba, ambayo kwa paa la mita 80 ni lita 40. Bomba la inchi 6 linabeba kama lita 18 kwa kila mita, kwa hiyo mita 2 na robo zinatosha. Toboa tundu dogo la milimita 2 au 3 chini ili lijimwage lenyewe kati ya mvua na mvua. Bila tundu hilo litabaki limejaa, na mvua inayofuata uchafu wote utapita moja kwa moja.

Msingi usiwe wa matofali yaliyopangwa bila zege. Lita 5,000 ni tani 5, na ardhi ya mchanga iliyoloweshwa na koki inayovuja hutitia upande mmoja. Koki iwe sentimita 10 hivi juu ya kitako, tope libaki chini yake. Maji ya kunywa yachemshe au yatibu kwa klorini kwa kipimo cha kwenye paketi, kwa kuwa ndege hawaachi kutua juu ya bati.

Umefanikiwa ikiwa mvua kubwa ya kwanza haimwagi maji juu ya gata, bomba la maji ya kwanza limejimwaga lenyewe kesho yake, na maji ya koki hayana rangi wala harufu. Tarehe 1 Julai gonga tangi kujua usawa wa maji, uweke alama kwa rangi, kisha weka nyingine kila mwisho wa mwezi. Mwisho wa Agosti maji yakiwa yameshuka chini ya nusu ya alama ya kwanza, kuna mtu anayafulia.